Umande kwenye shada la waridi kwa tangazo la usafirishaji maua

"Nikipuliza maji kwenye waridi yanatiririka au kukauka kabla sijapiga picha, na kila tone linatoka na doa jeupe kali. Nifanyeje?"

Habari dada. Anza na maji yenyewe. Changanya gliserini ya duka la dawa na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa yenye mdomo wa ukungu laini. Gliserini ni nzito na haikauki upesi, kwa hiyo matone hukaa yamejiviringa. Puliza kutoka juu, ukisimama kama sentimita 40, mara mbili tu, na iwe hatua ya mwisho kabisa baada ya shada kupangwa. Ukiona matone yanaungana na kushuka kwenye ukingo wa petali, umezidisha. Yanyonye kwa ncha ya tishu.

Doa jeupe ni taswira ya chanzo cha mwanga ndani ya tone. Balbu ndogo hutoa kinukta kikali, dirisha pana hutoa mng'ao mpole. Mimi huzima taa zote za duka, huziba dirisha kwa shuka jeupe jembamba, kisha huweka shada mwanga ukitokea ubavuni, nyuma kidogo. Upande wa giza nasimamisha kadibodi nyeupe irudishe mwanga kwenye shada.

Ili nyuma ya shada pafifie na pawe safi, rafu ziwe mita 2 mbali, ndoo na karatasi zimeondolewa, na tundu la lenzi liwe f/4.

Tafadhali, shada lililopulizwa gliserini usimpelekee mteja: petali hubaki zikinata.