Wiki ya 36 bado mapema

Juzi msomaji aliniandikia: "Dada, nina wiki 36, usiku silali, mgongo unaniua. Presha iko sawa na mtoto anacheza vizuri. Si niombe tu upasuaji wiki hii, maana ameshakamilika?"

Hajakamilika. Anayezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 ni njiti, hata awe na mashavu. Kifungua mimba wangu alikuja wiki ya 35 baada ya chupa kupasuka yenyewe, akiwa na kilo mbili na nusu. Ndugu wakaona mtoto mkubwa, wakaanza kuuliza kwa nini naendelea kulazwa. Mimi niliyemshika nilikuwa naona mengine: ananyonya mara tatu nne, anachoka, anasinzia chuchu ikiwa mdomoni. Uwezo wa kupanga kunyonya, kumeza na kupumua huanza kukaa sawa karibu na wiki ya 34, kwa hiyo wake ulikuwa mchanga bado. Sukari ikashuka. Mwili ukawa wa baridi, kwani mafuta ya chini ya ngozi hujaa mwishoni. Kisha manjano ikapanda, akalazwa chini ya taa za bluu, nami nikawa nakamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe. Shangazi mmoja akasema namdekeza. Neno lile bado linaniuma.

Kwa upande wa uhai, wiki za mwanzo ndizo zenye tofauti kubwa. Penye mashine na wauguzi wa kutosha, wengi wa wiki 22 hawaponi, wa 24 hupona zaidi ya nusu, na wa 28 zaidi ya tisa kati ya kumi. Katika nchi maskini, nusu ya wanaozaliwa wiki ya 32 au kabla yake hufa. Kuanzia wiki ya 34 idadi ya wanaopona huongezeka kidogo kidogo tu, na hapo ndipo watu hudanganyika, wakidhani aliyepona hakukosa kitu. Ubongo wa wiki ya 35 una uzito wa kama theluthi mbili tu ya ule wa mtoto aliyetimia. Mapafu nayo bado yana maji, ambayo uchungu wenyewe husaidia kuyaondoa. Mtoto wa upasuaji uliopangwa kabla ya wiki ya 39 yuko katika hatari zaidi ya kuhema mbiombio na kuhitaji oksijeni.

Kwa hiyo mdogo wangu, kama hakuna sababu ya kitabibu, subiri 39. Kifafa cha mimba, kutokwa damu au mtoto kudumaa tumboni ni habari nyingine. Hapo kumtoa mapema ndiyo tiba, msikilize daktari. Na kabla ya kukubali tarehe yoyote, tafuta karatasi ya ultrasaundi yako ya kwanza. Hesabu ya hedhi ikikosewa kwa wiki mbili, hiyo 36 yako ni 34.