Macho manjano bila maumivu ya tumbo

"Ami yangu wa Likoni macho yamegeuka manjano, tumbo halimuumi, ila mgongo wamsumbua. Ni nyongo tu?"

Huenda ikawa homa ya ini, lakini kutoumwa tumbo kwanitia wasiwasi. Jiwe likiziba mfereji wa nyongo, aghalabu mtu hujikunja kwa maumivu. Uvimbe kwenye kichwa cha kongosho huubana mfereji huo polepole: mkojo huwa kama chai ya rangi, choo hupauka, mwili huwasha. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Mkono wa daktari haulifikii. Uvimbe ukiwa mkiani, mbali na mfereji, manjano hayaji mapema, na hugunduliwa ushasambaa. Mvusheni feri wiki hii, apimwe damu na skani ya CT. Ultrasaundi pekee huweza kuukosa, maana gesi ya matumbo hulifunika kongosho. Akishikwa na homa ya kutetemeka, ni siku hiyohiyo.