Picha ya darasa kwa ajili ya brosha ya shule: mwanga wa dirishani, sare nyeupe na madaftari yanayoaminika

Swali la mwenzetu: «Wakuu, shule moja ya msingi imenipa kazi ya kupiga picha ya darasa kwa ajili ya brosha. Hawataki flashi, wanataka mwanga wa madirishani na watoto waliovaa sare wakiwa wanasoma kweli. Nikijaribu, ama mashati yanaungua kuwa meupe kabisa, ama nyuso zinakuwa nyeusi. Nianzie wapi?»

Ndugu, anza kwa kuchagua chumba kabla hujagusa kamera. Madarasa yetu mengi yamejengwa kwa urefu wa mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo madirisha yanatazama kaskazini na kusini, na upande mmoja kati ya hizo una baraza lenye paa. Sehemu kubwa ya Tanzania, kuanzia Mei hadi Agosti, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Hapo madirisha ya kusini hupata mwanga wa anga tu, mpana na laini, usioacha mistari ya nondo juu ya madawati. Ifikapo Desemba mambo yanageuka, kwa sababu jua limehamia kusini. Mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe vyumba viwili au vitatu siku moja kabla ya kazi, saa ileile utakayopiga, na uchague kile ambacho upande wake usio na baraza hauingizi jua moja kwa moja.

Nitaeleza kwa kazi niliyoifanya mwezi wa Julai katika shule ya kutwa nje kidogo ya mji wa Morogoro, Darasa la Tano, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Madirisha ya kusini yalikuwa wazi, na baraza lilikuwa kaskazini. Niliufanya mwanga wa kusini uwe mwanga mkuu, na ule hafifu wa barazani nikauacha uingie ili kulainisha vivuli upande wa pili wa nyuso. Taa zote za darasani nilizima, maana rangi ya mwanga wake haipatani na ya mchana, na ukizichanganya utapata shavu moja la kijani ambalo hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayoliponya vizuri. Nilisimama kwenye kona ya mbele, upande wa kusini, nikitazama kona ya nyuma upande wa baraza. Kwa mkao huo mwanga ulitoka begani kwangu na kuangukia nyuso kwa mshazari, wala sikuwa na dirisha kubwa lenye mwanga mkali mbele ya lenzi. Madirisha ya barazani yaliyoingia kwenye fremu nilifunga mbao zake, kwa kuwa uwanja wa nje ulikuwa ukiwaka jua. Mengine yalibaki wazi.

Sasa tuje kwenye mashati, ambako ndiko ulikokwama. Mtoto aliyekaa karibu kabisa na dirisha anaweza kupata mwanga unaozidi mara nne ule wa mwenzake wa safu ya tatu, na hakuna kipimo kimoja cha kamera kitakachowatosheleza wote wawili. Dawa yake ni kusogeza madawati. Nilihamisha safu ya dirishani kiasi cha mita moja na nusu kuelekea katikati, nikasogeza safu nyingine zikaribiane, na nikabaki na madawati manne tu ndani ya fremu, yenye watoto kumi na wawili. Darasa zima la watoto sitini halihitajiki. Picha itaonyesha darasa lililojaa ikiwa madawati ya pembeni yatakatwa na ukingo wa fremu. Kwa kuwa ilikuwa miezi ya baridi, watoto wengi walikuwa na sweta za bluu iliyokoza, na hizo zilipunguza eneo jeupe hadi kola na mikono ya mashati. Usiwavishe sweta kwa nguvu wakati wa joto, lakini zikiwapo, wanaokaa karibu na dirisha ndio wazivae.

Baada ya hapo, weka kamera kwenye RAW, washa ile alama inayometameta pale palipoungua, kisha ongeza mwanga hadi kola moja au mbili zianze kumetameta, halafu rudi nyuma kidogo tu hadi zitulie. Hapo ngozi ya watoto itakuwa imepata mwanga wa kutosha kuinuliwa baadaye bila chembechembe. Mimi nilitumia lenzi ya milimita 35, f/4, kasi ya 1/125 na ISO 1250. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe, inaweza kuona mashati meupe, ikadhani chumba kina mwanga mwingi, na kuzitia giza nyuso. Jambo jingine ni ukuta: sehemu ya chini ya kuta nyingi imepakwa rangi ya mafuta ya bluu au kijani, na mtoto anayekaa akiugusa atarudishiwa rangi hiyo shavuni. Hatua moja mbali na ukuta inatosha.

Shusha kamera hadi usawa wa macho ya mtoto aliyeketi, takriban mita moja kutoka sakafuni. Ukipiga umesimama, utapata vichwa na mbao za madawati.

Kuhusu vitabu, kosa la kawaida ni kupanga vitabu vipya vya masomo matatu juu ya dawati moja. Mzazi ataona mara moja. Kwenye dawati la watoto watatu weka kitabu cha kiada kimoja au viwili vya somo moja, vikiwa vimefunguliwa ukurasa mmoja, na mbele ya kila mtoto daftari lake lenye kazi halisi na alama za kalamu nyekundu za mwalimu. Ubao hautaonekana kwenye fremu hii, lakini mwalimu auandike na afundishe kweli, kwa sababu macho ya watoto yanahitaji mahali pa kwenda, na daftari linahitaji kitu cha kuandikwa. Somo lilikuwa kujumlisha sehemu. Dakika za mwanzo watoto wote walinitazama mimi. Walipofika kwenye swali la 2/3 + 1/4, aliyeketi katikati aliegemea kwa mwenzake kuhesabu kwa kidole juu ya daftari, mwalimu akainama kati ya madawati, na hiyo ndiyo picha iliyochaguliwa. Kabla ya kuikabidhi niliikuza nikasoma jibu lililoandikwa: 11/12, sahihi. Brosha yenye hesabu iliyokosewa haiuzi shule.

Karatasi laini ya kitabu hung'aa ikielekea dirishani na kupoteza maandishi. Kiinue kitabu upande mmoja kidogo au kigeuze hadi mng'ao uondoke. Jalada la daftari lina jina la mtoto, kwa hiyo lisielekezwe kwenye kamera.

Ruhusa ya wazazi iwe ya maandishi, na itaje kwamba picha ni ya kutangaza shule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu sisi wapiga picha pia, na mwaka 2023 huko Kenya shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za nchi hiyo kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Waliokataliwa na wazazi wao wakae nje ya fremu bila kutangazwa mbele ya wenzao.

Mwisho ni kiwanda cha uchapaji. Kwa ukurasa mzima wa A4 pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande, unahitaji picha ya takriban pikseli 2551 kwa 3579. Acha nafasi tulivu ya ukuta juu ya vichwa kwa ajili ya maandishi. Karatasi isiyo na mng'ao hunywa wino, na ngozi nyeusi iliyopendeza kwenye skrini inaweza kutoka kama masizi, hivyo inua kidogo mwanga wa kati wa nyuso peke yake, kisha omba nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika, uitazame nje kwenye kivuli.