Ukuta Mweupe Unaificha Sura Yako Kwenye Mkutano wa Video

Wengi wakitaka kutengeneza sehemu nzuri ya mikutano ya video nyumbani huanza kwa kupaka ukuta wa nyuma rangi nyeupe pee, kisha wakaumulika taa. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, hapo ndipo tatizo linapoanza. Kamera ya kompyuta hupima mwanga wa picha nzima kisha hurekebisha yenyewe. Ukuta mweupe ukijaza sehemu kubwa ya picha, kamera huona mwanga umezidi na kuupunguza kote. Ukuta unaonekana vizuri, uso unabaki kama kivuli. Kwa hiyo ninachotafuta kwanza ni ukuta usiong'aa kuliko uso.

Mfano ninaoujua vizuri ni chumba cha mdogo wangu, Tabata. Anafundisha wageni Kiswahili kwa video, na wanafunzi wake wanahitaji kuona midomo yake anapotamka "ng'ombe" au "dhahabu". Chumba ni cha kupanga, kama mita tatu kwa tatu na nusu, kina dirisha moja, taa ya tyubu darini na kuta zilizopakwa rangi ya mafuta ya krimu.

Tulianza na meza. Dirisha lilikuwa mgongoni kwake, na hakuna taa ya mezani inayoweza kushindana na jua la Dar es Salaam saa nne asubuhi. Tukaigeuza meza ili dirisha liwe mbele yake, pembeni kidogo, na pazia jepesi jeupe likalainisha mwanga. Kisha tukaivuta meza hadi kiti kikawa zaidi ya mita moja kutoka ukuta wa nyuma. Nafasi hiyo ni muhimu kuliko pambo lolote. Ukiegemea ukuta, kivuli cha kichwa chako hujichora nyuma ya sikio. Ukisogea mbele, kivuli huteremka chini na kutoka nje ya picha.

Ukuta wenyewe ulikuwa na kasoro ya rangi ya mafuta: unarudisha mwanga. Tyubu ilionekana ukutani kama mstari mweupe juu ya bega lake. Nyumba ikiwa yako, paka rangi ya maji isiyong'aa, ya kaki, kijivu au kijani kilichopoa. Yeye ni mpangaji, kwa hiyo tulimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kupiga misumari miwili ya zege, tukatundika kitambaa kizito cha pazia, kaki isiyo na maua, kilichopigwa pasi. Alitamani kitenge, nami napenda vitenge, ila michoro midogo iliyobanana na mistari myembamba hucheza-cheza kwenye kamera na kumchosha anayetazama. Kitenge chenye maua makubwa machache kingefaa. Pembeni tukaweka rafu moja yenye vitabu na kikapu cha ukili, basi. Picha yake yenye fremu ya kioo tuliitoa kioo, maana kilikuwa kinaonyesha taa na dirisha.

Masomo ya jioni ndiyo yaliyohitaji kazi zaidi. Taa ya darini peke yake huweka vivuli kwenye macho na chini ya pua. Tulinunua taa ya mezani na balbu ya LED ya wati 9, tukaielekeza kwenye ukuta ulio mbele yake, kando ya dirisha, badala ya usoni. Mwanga unagonga ukuta wa krimu na kurudi ukiwa mpana na laini, bila kumchoma macho wala kung'arisha paji la uso. Kwenye boksi la balbu tafuta namba yenye K: 3000K ni ya manjano, 6500K ni nyeupe inayoelekea bluu. Tyubu yake ilikuwa 6500K, kwa hiyo na balbu ikawa hiyo hiyo. Ukichanganya hizo mbili usoni, shavu moja litakuwa la machungwa na jingine la bluu. Balbu ya 3000K tuliitumia nyuma tu, sakafuni kando ya rafu, imulike kitambaa kidogo.

Angalia pia panga boi. Taa ikiwa juu ya mapanga yake, picha nzima itapepesa. Mistari ikipita kwenye picha hata feni ikiwa imezimwa, ingia kwenye mipangilio ya kamera. Ukikuta 50 Hz na 60 Hz, chagua 50 Hz, kwa kuwa ndiyo ya umeme wetu.

Mwisho fungua kamera saa ile ile ya mkutano, jirekodi dakika moja ukiongea, kisha tazama macho yako. Kama hayatofautiani na nyusi, usikimbilie kuongeza taa usoni. Zima kwanza ya nyuma, urekodi tena.