Presha ya mlinzi wa usiku

"Mume wangu analinda usiku, analala saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Ndugu yake anasema ni asubuhi. Apime presha na kumeza dawa saa ngapi?"

Apime akishaamka na kukojoa, kabla ya chai na dawa, akiwa ameketi kimya dakika 5, kisha arudie baada ya dakika moja na kuandika vipimo vyote pamoja na saa aliyoamka. Ndugu aliyesema "asubuhi" yuko sahihi kwa wanaolala usiku tu. Kama dawa yake ni amlodipini, aimeze saa nane unusu hata siku za mapumziko, kwa kuwa saa hiyo yuko macho daima. Dawa ya kukojosha, akiimeza asubuhi anaporudi, itamkatiza usingizi. Kama anatumia nyingine, amuulize daktari kwanza.