Dawa Kali ya Kuzuia Jasho la Kwapa: Ngozi Ikauke Kwanza

Kwa miaka mingi nilichagua mashati yangu kwa kigezo kimoja tu, yaani kama rangi yake ingeficha jasho. Nilivaa meupe au meusi, kamwe si ya buluu ya mawingu wala ya kijivu, kwa sababu safari ya daladala kutoka Mbagala hadi Posta ilitosha kuyachora madoa mawili makubwa chini ya mikono, na madoa hayo hayakukauka hata baada ya kukaa saa nzima ofisini kwenye kiyoyozi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tatizo langu halikuwa joto la Dar es Salaam peke yake. Wenzangu walikuwa wakitoka jasho njiani na kukauka wakifika; mimi nilikuwa nikiendelea.

Dawa niliyouziwa hatimaye ilikuwa kichupa kidogo chenye kigololi, ndani yake kloridi ya alumini ya asilimia 20 iliyoyeyushwa katika spiriti. Inafaa kuitofautisha na deodoranti za kawaida. Deodoranti hupambana na harufu tu na jasho huliacha litoke, na hata zile za dukani zilizoandikwa kwamba huzuia jasho kwa kawaida hutumia chumvi za alumini zilizo laini zaidi. Kloridi ya alumini ni kali kuliko hizo, na ukali huo ndio unaoifanya isaidie pale nyingine ziliposhindwa, na ndio pia unaowafanya wengi waitupe baada ya siku mbili.

Mimi nilikaribia kuitupa. Siku ya kwanza niliitumia kama deodoranti: nilinyoa kwapa asubuhi, nikaoga, nikajifuta harakaharaka, nikapaka, nikavaa shati na kukimbilia kituoni. Kabla sijafika Mtoni kwapa zilikuwa zikiwaka kama zimepakwa pilipili, na jioni ngozi ilikuwa nyekundu na yenye vipele. Niliporudi duka la dawa kulalamika, mfamasia aliniuliza swali moja tu: “Kaka, uliipaka saa ngapi?” Nilipomjibu, akatikisa kichwa. “Hii ni ya usiku, kaka, na ngozi lazima iwe kavu kabisa.”

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Kloridi ya alumini ikikutana na maji juu ya ngozi, huzalisha asidi ya haidrokloriki, na asidi hiyo ndiyo inayowasha na kuchoma. Ngozi ikiwa kavu, dawa hupata nafasi ya kuingia kwenye midomo ya vijia vya jasho, na humo ndani huganda pamoja na vitu vilivyomo na kufanya kizibo kidogo kinachozuia jasho lisitoke. Ngozi ikiwa na unyevu, sehemu kubwa ya dawa huishia juujuu, na unachobaki nacho ni muwasho bila faida. Usiku unapendekezwa kwa sababu hiyo hiyo: jasho jingi la kwapa lisilotokana na ugonjwa mwingine kwa kawaida hupungua mtu anapolala, hivyo dawa hupata saa kadhaa za kufanya kazi bila kusukumwa nje. Ama kunyoa, wembe huacha michubuko isiyoonekana, na asidi hupenya humo. Tangu siku ile, ninaponyoa huacha ipite siku nzima kabla ya kupaka.

Hata hivyo, maelekezo ya kwenye kikaratasi hayakuandikwa na mtu anayelala Mbagala mwezi wa Februari. Huku mtu huoga saa tatu usiku, akajifuta, na baada ya dakika tano ameshalowa tena kwa fukuto. Utaratibu ulionifaa ni huu: naoga mapema, nakaa mbele ya feni bila shati, na sipaki mpaka karibu saa tano, ninapoigusa kwapa kwa karatasi laini na karatasi ikatoka kavu. Hapo napitisha kigololi mara mbili kila upande, sehemu inayotoa jasho tu, kisha naacha mikono wazi mpaka dawa ikauke, ndipo navaa fulana kuukuu. Asubuhi naosha kwa maji na sabuni kabla ya jasho la mchana kuanza, na nikitaka napaka deodoranti ya kawaida kwa ajili ya harufu. Umeme ukikatika na feni ikasimama, usiku huo naruka. Kukosa usiku mmoja hakuharibu kitu. Kupaka juu ya jasho huharibu.

Nilianza upya baada ya vipele kupona kabisa, maana dawa hii haipakwi kwenye ngozi iliyochubuka. Usiku wa kwanza nilisikia mchonyoto mdogo kwa muda mfupi, kisha ukaisha. Usiku wa tatu muwasho uliongezeka na asubuhi kulikuwa na wekundu, nami nikafuata ushauri niliopewa: nilisimamisha dawa kwa siku mbili, na asubuhi nikapaka kiasi chembamba cha krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1. Krimu hiyo ni ya siku chache tu, kwani ikizoeleka huipunguzia ngozi unene. Kisha nikarudi kwa kupaka usiku mmoja na kuruka mmoja. Mwishoni mwa wiki ya pili nilivaa shati la kijivu, nikashuka Posta, na halikuwa na doa.

Baada ya hapo watu wengi hukosea kwa kuendelea kupaka kila usiku. Jasho likishapungua, mara moja au mbili kwa wiki hutosha, kwa kuwa vizibo hudumu siku kadhaa na hutoka taratibu ngozi inapojibadilisha. Kwa sababu hiyo pia dawa haiponyi: ukiiacha, jasho hurudi.

Hasara niliyochelewa kuigundua ilikuwa kwenye nguo. Dawa ambayo haijakauka hubadilisha rangi ya kitambaa na kukilegeza, na inaweza kuchafua vito vya madini; shuka langu moja la pamba lilichanika mahali pale pale ninapoweka mkono. Spiriti iliyomo nayo hushika moto, kwa hiyo usipake karibu na mshumaa siku ya mgao.

Mchonyoto wa muda mfupi na ukavu wa ngozi ni mambo ya kutarajiwa. Malengelenge, uvimbe, ngozi inayotoa maji au vipele vinavyosambaa nje ya mahali ulipopaka si ya kuvumiliwa. Osha, acha dawa, nenda kwa daktari. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kwanza, kwa sababu figo ndizo zinazotoa alumini mwilini.

Na kuna jasho ambalo halipaswi kuzibwa kabla ya kuchunguzwa. La aina yangu lilianza ujanani, liko kwapa zote mbili, na usiku hutulia. Ikiwa lako limeanza ghafla ukubwani, liko upande mmoja tu, au linakulowesha shuka usiku huku unapungua uzito, una homa au kikohozi kisichoisha, anzia hospitali upimwe kifua kikuu, sukari na tezi ya shingo, na umwoneshe daktari dawa zote unazotumia, maana baadhi yake huongeza jasho.