Siku tatu si za kutulia

"Mama, Ijumaa nilimuuliza mchumba wangu mbona amemtumia binamu yake shilingi 15,000 tulizokuwa tumeweka za dipoziti ya nyumba yetu bila kuniambia. Akasema, 'Kwa hivyo watu wetu ni mzigo?' Akaninunia hadi Jumatatu jioni, ndipo akaja na kuku kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo ni hasira ya kawaida, ama niogope kabla hajaleta wazee?"

Mwanangu,

Kunyamaza kwenyewe hakunitishi. Baba yako pia hunyamaza. Mwaka tuliohamia Nyalenda nilimwambia nimechoka na ndugu zake kuja kulala bila taarifa. Akasimama, akasema, "Nipe mpaka chai ya saa kumi," akaenda kupalilia sukuma wiki. Nilimwona kwa dirisha, jembe likishuka kwa nguvu, halafu polepole. Saa kumi akanawa mikono, akavuta stuli, akaniambia, "Unaona kama nyumba hii si yako." Sikuwa nimeyatamka maneno hayo, lakini ndiyo yaliyokuwa moyoni. Hatukuelewana siku hiyo kuhusu wageni, ila nililala nikijua nimesikika.

Nimeshika vifundo vya mikono vya watu wengi nikiwa muuguzi, na najua moyo wa mtu mwenye hasira unavyokimbia. John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyepima mapigo ya moyo ya wanandoa wakibishana, anasema yakipita 100 kwa dakika mtu hasikii vizuri anachoambiwa, na huhitaji angalau dakika 20 kutulia. Basi mpe huyo kijana mchana mzima, hata usiku alale. Lakini kutoka Ijumaa hadi Jumatatu, moyo ulikuwa umetulia zamani. Kilichobaki ni adhabu.

Sijawahi kukuambia kwamba kabla ya baba yako kulikuwa na mtu mwingine. Nikimpinga, ananuna siku mbili, siku nne, mpaka niombe msamaha, hata pale sikukosa. Polepole nikaanza kupima maneno. Nikificha bei ya viatu, nikificha kwamba nimepitia kwa dada yangu. Majirani walitusifu eti hatugombani kamwe, na ilikuwa kweli, kwa sababu nilikuwa nimeacha kumwambia lolote. Ndiyo maana nakuuliza wewe kabla sijamuuliza yeye: tangu Jumatatu, kuna jambo umelimeza ili asinune tena?

Lile jibu lake la "watu wetu" nalo limenikaa moyoni. Uliuliza habari ya pesa, ukajikuta unatetea upendo wako kwa ukoo wake. Mtu aliyeshtuliwa anaweza kuropoka hivyo mara moja, na hilo linasameheka. Kama kila ukiuliza unaishia kujitetea, hapo hutajibiwa swali hata moja kwenye nyumba hiyo.

Na kuku? Nadhani alitaka kweli kurudisha amani, wala sitaki umdharau kwa hilo. Ila mliila, mkaosha vyombo, na zile pesa hazikutajwa. Huyo Gottman anasema takriban 69 kwa 100 ya mizozo ya wanandoa haiishi, hurudi tu ikiwa na sura nyingine. Kwa hivyo leo ni binamu, mwakani ni karo ya mdogo wake, kisha shamba la nyumbani. Si rahisi mkubaliane kuhusu watu wa kwao mia kwa mia. Unachoolewa nacho ni namna anavyorudi mezani.

Basi lifungue tena. Chagua jioni ambayo mmeshakula, simu ziko mbali. Usianze na "wewe kila mara", maana hapo hata mtu mzuri hujifunga. Sema, "Zile 15,000 zilikuwa zetu wawili, na niliumia kutoshirikishwa." Akikauka, muulize kwa upole, "Nikupe mpaka lini?" Kisha mwache kweli. Usimtumie meseji, wala usiombe msamaha ili tu kimya kiishe. Angalia kama atarudi mwenyewe saa aliyoitaja, na akirudi, kama anaweza kusema kwa maneno yake kilichokuumiza.

Muulize pia kwao walikuwa wakigombana vipi. Kuna watoto waliojifunza kwamba ukijibu unachapwa, nao hukua wakikimbilia kimya. Wa namna hiyo akielezwa hujaribu, japo kwa kusitasita, na utaona mabadiliko madogo mkikosana mara ya pili au ya tatu. Lakini akikuambia, "Mimi ndivyo nilivyo, utazoea," mwamini.

Nitamwambia baba yako asiwaite wajomba zako bado. Anza na hizo 15,000, kwa maana mpaka sasa hujui binamu alipewa za nini.

Mama yako,
Kisumu